Jina la Mbwa Si Bango la Kumsutia Jirani

Jina la mnyama wa nyumbani ni neno la kuitia. Hutamkwa kwa sauti ya juu, nje ya nyumba, mara nyingi kwa siku, na husikiwa na mnyama anayeitwa pamoja na majirani wasioitwa. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba jina hilo liwe fupi, liwe na upole, na liwe jepesi kinywani. Nazipinga desturi mbili zilizoenea mitaani mwetu: kumpa mbwa jina la kutisha, na kumpa jina la kumsuta jirani.

Nianze na majina ya kutisha. Wako wanaomwita mbwa wao Mwizi, wakidhani ni mzaha. Lakini hapa Kampala, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ukelele wa «mwizi!» wakati wa usiku huwatoa watu majumbani wakiwa na fimbo na mawe. Mpita njia anayeharakia kwake aweza kuzingirwa na umati kabla hajapata nafasi ya kujieleza. Wengine humwita mbwa wao Moto. Neno hilo ni fupi, tena lina joto kwa maana yake halisi, ila ni neno la kuombea msaada. Siku nyumba itakapoungua kweli, majirani watadhani unamwita mbwa.

Desturi ya pili ni ya majina kama Utakoma au Mtasema Sana. Mwenye mbwa husimama uani, akaita kwa nguvu, huku macho yake yakielekea upande wa pili wa ua. Watetezi wake husema kwamba hata kanga ina maneno ya mafumbo. Ni kweli, lakini kanga huvaliwa kimya, na asiyetaka kuisoma hugeuza uso. Ukelele haukwepeki. Mwaka 2016, katika Jimbo la Ogun nchini Nijeria, mtu mmoja alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kumpa mbwa wake jina Buhari, ambalo lilikuwa jina la rais wa wakati huo. Sisemi kwamba serikali iwafunge watu kwa sababu ya majina ya mbwa. Nasema kwamba jina la mnyama laweza kuamsha ugomvi ambao mnyama mwenyewe hana habari nao.

Tena majina ya masuto yanashindwa hata katika kazi ya kuita. Lugha ya Kiswahili imetupa msaada mkubwa hapa, nasi tunautupa. Kwa kawaida mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno karibu yote huishia kwa irabu. Neno la silabi mbili, basi, huanza na mkazo na kumalizika kwa sauti inayoweza kuvutwa hewani hadi imfikie mnyama aliye mbali. Ndiyo maana hata majina ya kigeni, yakifika kwetu, huongezewa irabu: mbwa wa mgeni anayeishia kwa konsonanti hugeuka Reksi, Bobi au Jaki mara watoto wa mtaa wanapoanza kumwita. Mtasema Sana lina silabi sita, na mkazo wake mkuu unakuja karibu na mwisho. Muda unaopita katika kulitamka unamtosha mbwa kuvuka barabara.

Ufupi peke yake hautoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest walichapisha mwaka 2020 matokeo ya kupima mawimbi ya ubongo wa mbwa wanaposikiliza maneno. Ubongo wa mbwa ulitofautisha maneno waliyoyajua na maneno ya kubuni yaliyokuwa mbali nayo kwa sauti. Haukuonyesha tofauti hiyo pale neno la kubuni lilipoachana na neno linalojulikana kwa sauti moja tu. Fundisho ni wazi: jina lisifanane na amri. Tazama jina Simba, ambalo ni miongoni mwa majina ya mbwa yanayopendwa sana. Linaanza kama amri ya «simama». Unamwita aje, naye anasikia mwanzo wa neno la kumzuia. Jina Keti ni baya zaidi, kwa kuwa ni amri yenyewe: ukiliita, mbwa mtiifu ataketi huko huko aliko. Dalili ya kosa hili ni mbwa anayesitasita kila aitwapo, kisha akapigwa kwa ukaidi asiokuwa nao. Ikiwa mbwa wako amekwisha kuzoea jina Simba, usimbadilishie jina. Badilisha amri, useme «tulia» badala ya «simama».

Nitaambiwa: mbwa hajui maana ya neno, basi upole wa jina una faida gani? Mbwa hajui maana, lakini anaisikia sauti yako, na sauti yako inaijua maana. Ni vigumu kutamka Utakoma kwa wororo. Mtoto anayelelewa katika nyumba hiyo hulitamka tusi mara ishirini kwa siku, na mwishowe analiona kuwa salamu.

Tuchukue mfano wa familia yenye mtoto wa mbwa, jike la rangi ya asali, ambayo amri zake ni njoo, kaa, lala, acha na toka. Baba anapendekeza Jojo: halifai, kwa kuwa liko karibu mno na «njoo». Mama anapendekeza Baraka: lina irabu nzuri, lakini mtoto wa jirani anaitwa hivyo, na watu wengi huona ni dharau jina la mtu kupewa mbwa. Binti anapendekeza Asali: ni neno la upole, ila lina silabi tatu na linaanza kwa irabu sawa na «acha». Bibi anasema Tamu. Silabi ni mbili, mkazo uko juu ya «ta», na irabu yake ya kwanza inafungua kinywa. Halifanani na amri yoyote ya nyumba hiyo, wala halimtaji mtu. Wanatoka nje, kila mmoja analiita mara kumi kutoka hatua thelathini. Hata mtoto mdogo analitamka bila kujikwaa, na hakuna jirani aliyechungulia dirishani. Bibi ameshinda.

Kulifundisha hakuhitaji ufundi. Tamka jina mara moja tu, na mbwa akikutazama, mpe kipande kidogo cha chakula papo hapo. Usilirudie mara tano kwa hasira, wala usilitumie kumkemea, maana litakuwa ishara ya adhabu naye ataanza kulikimbia. Ukikemea, sema «acha» bila jina. Kisha mjaribu: taja maneno manne ya kawaida kwa sauti ile ile, la tano liwe jina lake. Akiinua masikio au kugeuza kichwa kwa lile la tano, amelijua.

Nanyi mnapoandika habari zake, kumbukeni upatanisho: tunasema «Tamu amelala», si «Tamu imelala». Na mwenye neno la kumwambia jirani yake abishe hodi, akaribishwe, alitamke mwenyewe.