Toa Trei za Mayai Ukutani, Angalia Juu ya Silingi

Wasee, acheni kubandika trei za mayai ukutani. Kila wiki naona mtu amepakia vidio ya keja yake mpya, ukuta mzima ni trei ama zile sponji nyeusi za pembepembe, na chini ameandika "studio iko tayari, majirani poleni". Majirani hawajapoa popote. Bado wanakusikia neno kwa neno.

Fanya jaribio rahisi. Weka ile sponji mdomoni upulize. Kama pumzi inapita, sauti nayo inapita. Kazi ya sponji ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba chako ili maiki ishike sauti safi, na hiyo inafanya poa. Kuzuia sauti isivuke kwenda kwa jirani ni kazi nyingine kabisa, na inataka uzito. Ukuta ukiwa mzito, sauti inashindwa kuusukuma. Trei ya mayai ni karatasi. Haina uzito wowote, na juu ya hiyo umezungushia karatasi kavu kwa waya za ekstensheni. Stima ikileta shoti hapo, shida yako haitakuwa tena sauti.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwenu. Iko kwa wenye nyumba wanaotuuzia kuta ambazo hazijaisha.

Kuna rafiki yangu anakaa kwa ploti ya bedsita zilizopangwa mstari mmoja, paa la mabati. Siku moja jirani alimuuliza, kwa upole kabisa, kama matokeo yake ya hospitali yametoka vizuri. Hayo matokeo alikuwa amemwambia mamake pekee, kwa simu, usiku, mlango umefungwa. Tangu hiyo siku anapigia mamake simu akiwa nje barabarani. Analipa rendi kamili ya chumba ambacho hawezi kuongelea ndani.

Kitu cha kushangaza ni kwamba ukuta wao si mbaya. Ni bloku za simiti za inchi 6, zimepigwa plasta pande zote mbili. Ukuta kama huo una karibu kilo 300 kwa kila mita mraba. Ukijengwa mpaka mwisho unaweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Mtu akiongea kawaida ni kama desibeli 60. Toa 45, zinabaki 15, na chumba chenye utulivu usiku huwa na kelele zake ndogo za 25 ama 30. Kwa hivyo hizo 15 zinamezwa. Hungesikia kitu.

Sasa mbona wanasikizana? Niliomba ngazi kwa keteka, nikainua kifuniko cha silingi. Ukuta unaishia pale pale silingi inapoanza. Juu yake hakuna kitu, ni mbao za paa na giza, kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Sauti inapanda kupitia silingi ya jipsamu ya shiti moja, inatembea chini ya mabati, halafu inashuka kwa jirani. Haina haja ya kupigana na bloku. Imezunguka. Na kwa vile silingi imetobolewa matundu ya taa kila chumba, hata hiyo shiti moja haifanyi kazi yake yote.

Halafu kuna ufa. Kati ya kichwa cha ukuta na silingi fundi aliacha nafasi ya kama sentimita 1, akaifunika na kornisi. Ukiangalia kutoka chini huwezi kujua. Hebu tupige hesabu, na tujifanye njia ya paa haipo kabisa. Ukuta una urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, yaani mita mraba 7.5. Ufa wa sentimita 1 kwa mita 3 ni mita mraba 0.03. Hiyo ni asilimia 0.4 tu ya ukuta. Lakini sauti yote inayofika kwa ufa inapita, kwa hivyo huo ufa peke yake unaushusha ukuta mzima mpaka kama desibeli 24. Mazungumzo ya desibeli 60 sasa yanafika upande wa pili yakiwa 36. Usiku hayo unayaelewa vizuri. Bloku ngapi zilibebwa, simiti ngapi ilichanganywa, na yote imepotezwa na nafasi ambayo kidole kinaingia.

Ndiyo maana nacheka mtu akiniambia, "Tatizo ni jipsamu, ukuta wa bloku ndio wa ukweli." Sikubali. Kweli, shiti moja ya jipsamu ya milimita 12 ina kilo 9 hivi kwa mita mraba, ni nyepesi sana. Ile patishani ya kawaida, shiti moja kila upande wa fremu ya mbao, inazuia desibeli 35 hivi, kwa sababu kila mbao inashika shiti zote mbili na kupitisha mtetemo kama daraja. Lakini mpe fundi anayejua. Mbao za upande huu zisiguse shiti ya upande ule, katikati ajaze pamba ya madini, shiti ziwe mbili mbili kila upande, kila ukingo uzibwe na silanti inayobaki laini, na soketi za vyumba viwili zisikae mgongo kwa mgongo. Huo ukuta mwepesi utasimama na wa bloku kwa maongezi ya kawaida. Ukishindwa, itakuwa kwa besi. Mwenye subwufa bado atakusumbua, kwa sababu besi inataka uzito kweli kweli, na inatembea hata kwa sakafu.

Kwa ploti ya rafiki yangu dawa ni kumalizia ukuta. Bloku zipandishwe mpaka zifike mabati, zipigwe plasta hata huko juu ambako mpangaji haoni, kwa sababu bloku zisizo na plasta zina vitundu vinavyovuja sauti. Mawimbi ya mabati yajazwe, na ule ufa wa kornisi uzibwe. Fremu za paa zikizuia kujenga, fundi apigilie shiti mbili za jipsamu kutoka kichwa cha ukuta hadi chini ya mabati. Baada ya hapo itabaki njia ya madirisha na ile nafasi chini ya milango, na hizo mpangaji anaweza kupambana nazo mwenyewe. Mwenye ploti alijibu kwamba wapangaji wa siku hizi wanapiga kelele nyingi. Boss, kuongea na mama si kelele.

Kwa hivyo ukienda kuangalia keja, usigonge tu ukuta ukasema "iko ngumu". Mwache rafiki chumba cha pili aongee kawaida, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, nawe utembeze sikio: katikati ya ukuta, kwa soketi, kwa kona, halafu panda kiti usikize kwa kornisi. Sauti ikiongezeka ukipanda, ukuta wenyewe hauna shida, njia iko juu. Omba kifuniko cha silingi kifunguliwe, umulike na simu. Fanya hivyo kabla ya kutuma dipoziti, ukiwa bado na kitu ambacho mwenye ploti anataka.