NENO KABLA YA MKONO



Mmekuja kujifunza kazi ya kupiga picha za eksirei, na katika masomo yenu mtafundishwa mengi juu ya umeme, mionzi na maumbile ya mwili. Leo napenda kuzungumzia jambo moja tu, ambalo wengi hulihesabu kuwa ni adabu njema na basi. Mimi nalihesabu kuwa ni sehemu ya ufundi wenyewe. Jambo hilo ni kumweleza mgonjwa yatakayotendeka, kabla hujamgusa na kumweka mahali pake. Mfano wangu utakuwa picha ya kifua, ambayo mtaipiga karibu kila siku.

Kwanza tuangalie picha hiyo inataka nini. Mgonjwa husimama akielekeza kifua kwenye bamba la kupokea picha, na mgongo wake ukielekea mashine, ambayo huwekwa umbali wa sentimeta 180 hivi. Hufanywa hivyo kwa sababu moyo umekaa karibu na upande wa mbele wa kifua. Ukikaribia bamba, kivuli chake hakikui sana, kama vile kivuli cha mkono kisivyokua sana mkono ukiwa karibu na ukuta na taa ikiwa mbali. Kidevu huinuliwa, mikono huwekwa kiunoni, na viwiko husukumwa mbele ili makombe ya mabega yaondoke juu ya mapafu. Kisha mgonjwa huvuta pumzi ndefu na kuizuia, na picha hupigwa kwa muda wa sehemu chache za mia za sekunde.

Sasa jiwekeni mahali pa mgonjwa. Ameambiwa avue nguo za juu katika chumba cha baridi chenye mashine asiyoijua. Amegeuziwa ukutani, hamwoni mtu. Mikono ya mgeni inamsukuma mabega. Halafu anasikia hatua zikimwacha, na sauti ikitoka nyuma ya kioo cha risasi: “Usipumue!” Ni nani asiyeshtuka?

Hofu hiyo haiishii moyoni mwa mgonjwa. Huandikwa kwenye picha. Mtu mwenye hofu huvuta pumzi fupi na kuinua mabega badala ya kujaza kifua. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hakishuki. Sehemu za chini za mapafu hubaki zimebanana, zikaonekana nyeupe kana kwamba zina kichomi. Moyo nao hulala kwa upana, ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kwa kawaida, katika picha nzuri ya mtu mzima, upana wa moyo hauzidi nusu ya upana wa kifua. Lakini kipimo hicho hakifai kitu ikiwa pumzi haikujaa. Njia ya kutambua ni kuhesabu mbavu za nyuma zinazoonekana juu ya kiwambo. Zikiwa kumi, au tisa kwa uchache, pumzi imetosha. Zikiwa saba, daktari atashindwa kujua kama anaona ugonjwa au anaona woga.

Tumchukue bibi mmoja aliyetumwa kupigwa picha kwa sababu ya kikohozi cha wiki tatu. Amesuka nywele nene, na shingoni ana hirizi. Mwanafunzi mwenye haraka atamshika bega na kumsogeza. Mwanafunzi ninayemtaka mimi atasimama mbele yake, amtazame, na kusema: “Shikamoo bibi.” Bibi ataitikia, “Marahaba, mwanangu,” na hapo mlango wa mazungumzo umefunguka. Mwanafunzi atamwomba ataje jina lake mwenyewe, alilinganishe na lile la kwenye cheti. Kisha atamweleza: “Bibi, tutapiga picha ya kifua chako. Mashine hii haitakugusa wala haichomi. Utasimama hapa, kifua kwenye ubao huu. Una baridi kidogo. Nitakushika mabega kuyasogeza mbele. Halafu nitakwenda nyuma ya kioo kile, lakini nitakuwa nakuona na utanisikia.”

Kuhusu hirizi, asiivute. Amwambie kwamba chuma kilichomo huacha kivuli juu ya mapafu, na amwombe aivue mwenyewe na kuishika mkononi hadi kazi itakapokwisha. Nywele nazo zifungwe juu, kwa sababu misuko minene inayoangukia shingoni huacha vivuli kwenye ncha za juu za mapafu, mahali hasa ambapo daktari hutafuta dalili za kifua kikuu. Mgonjwa akiwa mwanamke wa umri wa kuzaa, aulizwe kwa faragha kama huenda ana mimba.

Linabaki suala la pumzi, na hapa lugha yetu yenyewe ina mtego. Neno “pumua” halisemi kama hewa iingie au itoke. Na ukimwambia mtu “usipumue”, atasimama pale pale alipo, pengine akiwa ndiyo kwanza ametoa hewa yote. Kwa hiyo semeni “vuta pumzi ndani”, kisha “izuie”, na mwisho “pumua sasa”. Na mfanye mazoezi na mgonjwa mara moja kabla ya kumgeuza, mkiwa mnatazamana, nanyi mkivuta pumzi pamoja naye. Katika zoezi hilo mtaona kama anajaza kifua au anainua mabega tu, na mtamsahihisha kabla ya mionzi yoyote kutumika. Kwa asiyesikia, zoezi hilo na ishara ya mkono ndiyo maelezo yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu na maneno hupoteza wakati. Mimi siafiki. Maelezo haya huchukua dakika moja hivi. Picha iliyoharibika hutaka mgonjwa arudishwe, apangwe upya na kupigwa tena, naye sasa ana hofu maradufu, kwa kuwa anadhani mmeona jambo baya. Zaidi ya hayo, amepokea mionzi mara mbili kwa faida ya mara moja. Ni kweli kwamba kiasi chake ni kidogo: picha moja ya kifua ya namna hii, kwa mashine iliyo katika hali nzuri, hutoa kiasi cha milisivati 0.02, ilhali mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na katika vyakula humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Picha hiyo ni sawa na siku tatu hivi za mionzi ya asili. Lakini udogo wa kiasi si ruhusa ya kukitoa bure.

Hesabu hiyo pia ndiyo jibu la mgonjwa anayeuliza kama mionzi itamdhuru. Msimwambie kwamba haina madhara kabisa; mwambieni kwamba ni kidogo sana, na kwamba daktari ameona faida ya picha inazidi hatari yake. Akiuliza ana ugonjwa gani, mwambieni kwamba picha itasomwa na daktari. Mgonjwa akigundua kwamba mmemdanganya katika jambo moja, hatawaamini mtakapomwambia azuie pumzi.

Wapo pia ambao maneno hayatawatosha. Mtoto mchanga haelewi, na mgonjwa anayehema kwa shida hawezi kuzuia pumzi hata akitaka. Mtoto ashikwe na mzazi aliyevaa aproni ya risasi, na mama mwenye mimba asishike. Anayehema apigwe picha akiwa ameketi, pumzi inapofika juu kabisa, na daktari aandikiwe hali hiyo kwenye cheti, ili asije akahesabu kuwa ni ugonjwa kile kilichotokana na pumzi fupi.