Shule Ile ni Mali ya Nani?

Mwezi uliopita nilikaa chini ya mwembe hapa Nansio na watu wanne waliokuwa watano. Miaka kadhaa iliyopita walichanga fedha, wakajenga madarasa mawili ya chekechea na kuwapokea watoto wa wavuvi kwa ada ndogo. Mwenzao mmoja alifariki dunia. Warithi wake sasa wanadai sehemu yake ya shule, na wenzake wanaona dai hilo ni usaliti wa marehemu.

Niliomba kuziona karatasi za usajili. Nilipozisoma, sikuona usaliti wowote. Walikuwa wamesajili kampuni ya hisa: hisa 100 za shilingi 10,000 kila moja, na kila mmoja wao alichukua 20. Aliyewaandalia karatasi alitumia nakala aliyokuwa nayo, ile ile ambayo angempa mwenye duka la nyavu.

Hisa ni mali. Mwenye nayo huiuza, huiweka rehani, na akifa huingia kwenye mirathi yake pamoja na shamba na mtumbwi. Warithi wa marehemu wanadai moja ya tano ya kampuni, na sheria iko upande wao. Kampuni ikitangaza gawio la shilingi 6,000,000, shilingi 1,200,000 ni zao kabla ya kodi. Ikivunjwa na madeni yakalipwa, moja ya tano ya kitakachobaki ni yao pia. Nia njema ya waanzilishi haikuandikwa popote katika karatasi zile.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ilikuwa na mlango mwingine, nao ni kampuni yenye ukomo wa dhamana. Hii haina hisa. Ina wanachama, na kila mwanachama huahidi kwamba kampuni ikifilisiwa atatoa kiasi fulani kusaidia kulipa madeni. Tuseme watano hawa wangeahidi shilingi 10,000 kila mmoja. Wadai wangeweza kuwadai shilingi 50,000 tu kwa jumla, na mpaka siku hiyo ya ufilisi hakuna ambaye angelazimika kutoa hata senti. Dhamana si mtaji wala haimpi mtu kipande cha shule. Kwa kawaida katiba ya kampuni ya namna hii husema uanachama hukoma kwa kifo. Warithi wangepewa rambirambi, na shule ingeendelea.

Hapa wanafunzi wangu wengi hukosea. Hudhani neno «dhamana» peke yake linazuia watu kugawana ziada. Sivyo. Kinachozuia ni vifungu viwili vya katiba. Kimoja husema mapato yote yatatumika kwa malengo ya taasisi tu, wala hakuna mwanachama atakayegawiwa chochote, isipokuwa malipo halali ya kazi aliyoifanya. Kingine husema taasisi ikivunjwa, mali itakayobaki itakwenda kwa taasisi nyingine yenye malengo kama hayo, si kwa wanachama. Ukipewa katiba ya taasisi inayojiita ya hisani, tafuta vifungu hivyo kwanza. Visipokuwemo, jina zuri halitakusaidia. Na hata vikiwemo, soma posho za wakurugenzi, kwa kuwa ndiko ziada hupenda kupitia inapofungiwa njia ya gawio.

Hayo hayamaanishi kwamba taasisi kama hiyo isipate ziada. Ile shilingi milioni sita ingeweza kupatikana vilevile, ila ingekuwa darasa la tatu, vyoo, au akiba ya miezi ambayo samaki ni haba na ada hazilipwi. Wala aina ya usajili peke yake haiondoi kodi. Kutambuliwa kuwa taasisi ya hisani huhitaji uamuzi wa Kamishna wa TRA, na lazima uombwe.

Mwaka 2019 Bunge liliubana mlango huo. Sheria ya Makampuni ikaelekezwa kwenye biashara na uwekezaji, na taasisi zilizokuwa zikifanya kazi za mashirika yasiyo ya kiserikali zikatakiwa kuhamia kwa Msajili wa mashirika hayo. Binafsi naona muda uliotolewa ulikuwa mfupi mno. Hata hivyo vile vifungu viwili bado vinahitajika, kwa sababu swali la nani mwenye mali haliondoki kwa kubadilisha cheti.

Wale wanne niliwaambia njia iliyopo: wasajili shirika jipya lenye vifungu hivyo, kisha wanahisa wote, wakiwemo warithi kupitia msimamizi wa mirathi, wakubali kampuni ilihamishie majengo na kiwanja. Warithi wakikataa, itabidi wazungumze bei ya hisa 20. Msimamizi amekubali kukaa nao baada ya arobaini.