Namba ya Mama Kevo iko kwenye simu yako?

MTAANI na Rehema Wafula

Mama Kevo huuza viatu vya mtumba vya watoto Umoja, karibu na soko la Mutindwa. Barabara ya mbele ya duka lake ilipochimbwa, wapita njia wakahamia upande wa pili, naye akabaki akipangusa viatu visivyo na mnunuzi. Mwanawe akamfunza kuweka picha kwenye Status ya WhatsApp.

Siku ya kwanza walitazama watu tisa, karibu wote wa ukoo. Ilimuuma, kwani simu yake ilijaa namba za wateja. Kumbe Status huonekana pande zote mbili zikiwa zimehifadhiana namba. Yeye alikuwa na zao. Wao hawakuwa na yake. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema simu haiuzi. Yeye alianza kumwambia kila mnunuzi, kabla hajamkabidhi mfuko, "Mama, niandike hapo Mama Kevo Viatu, halafu unitumie salamu." Mmoja leo, wawili kesho. Baada ya miezi minne watazamaji walipita sabini.

Picha nazo zilimtesa. Alipiga usiku chini ya balbu, kiatu cha bluu kikatoka cheusi, na mama mmoja wa Donholm akakirudisha kwa hasira. Siku hizi hupiga asubuhi mlangoni, juu ya gunia jeupe, soli ikionekana na tepu imelazwa ndani ya kiatu. Namba 30 ya kiatu kimoja si 30 ya kingine, kwa hiyo haiamini. Mzazi humsimamisha mtoto juu ya karatasi, akauchora mguu na kupima kuanzia kisigino hadi kidole kirefu. Mguu wa sentimita 18 hupewa kiatu chenye sentimita 19 ndani. Palipochubuka hupapiga picha kwa karibu, na naamini hilo ndilo lililomletea wateja kuliko bei.

Mtumba ni jozi moja tu, kwa hiyo wa kwanza kulipa ndiye mwenye kiatu, na picha hufutwa papo hapo. Lakini mtu wa bodaboda haondoki kabla Mama Kevo hajaangalia salio lake. Aliwahi kutumiwa ujumbe wa malipo uliofanana kabisa na wa M-Pesa, ila ulitoka kwa namba ya kawaida ya simu. Kiatu kilikwenda, pesa hazikuja.

Juzi nilikuwa pale simu ilipolia. Alikuwa mama wa Kayole, amepewa namba na jirani, hajawahi kukanyaga duka lile. Alikuwa ametuma picha ya karatasi ya daftari yenye mguu uliochorwa kwa penseli, na pembeni mtoto ameandika jina lake kwa herufi kubwa. Mama Kevo akaitazama, akachukua tepu, akainamia viatu.