Asali, mtindi na manjano usoni: kipi kinang'arisha, kipi ni hadithi tu

Mama mmoja wa Tabata amenitumia ujumbe ambao naamini wazazi wengi wangeweza kuuandika. Binti yake ana miaka 15 na chunusi zimemjaa kwenye paji la uso na mashavuni. Kwa wiki mbili wamekuwa wakimpaka kila jioni mchanganyiko wa asali, manjano na maji ya limau. Siku tatu za mwanzo uso uling'aa kweli. Baadaye ukaanza kuwasha, na sasa mashavuni yamebaki madoa meusi ambayo hayakuwepo. "Dada, tumekosea wapi, au ndiyo uchafu unatoka?" ameuliza.

Si uchafu unaotoka. Ili kuelewa kilichompata binti huyu, tuangalie kila kitu kilichokuwa ndani ya kibakuli.

Tuanze na asali. Ina sukari nyingi na maji kidogo sana, kwa hiyo ikikaa usoni huvuta unyevu na kuushikilia kwenye tabaka la juu la ngozi. Ngozi kavu huwa na magamba madogo yaliyosimama, na mwanga ukiipiga hutawanyika ovyo, ndiyo maana inaonekana imefifia. Ikipata unyevu magamba hulala, uso unakuwa laini na mwanga unarudi vizuri. Huo ndio mng'ao watu wanaousifu. Ni wa kweli, ila hudumu saa kadhaa, pengine hadi kesho yake, kisha unaondoka.

Asali pia huzuia bakteria, na hospitali nyingine hutumia asali maalumu iliyosafishwa kutibu vidonda. Hapo ndipo watu wanaporukia kusema inatibu chunusi. Mwaka 2016 watafiti wa Nyuzilandi walichapisha matokeo ya jaribio la watu 136 wenye chunusi. Wote walitumia sabuni ya kuua bakteria, na nusu yao wakaongezewa asali ya mti wa kanuka mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Asali haikuonyesha faida ya kutosha kuizidi sabuni peke yake. Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha nywele, kwenye mafuta yaliyoziba, na asali inabaki juu.

Mtindi una asidi ya laktiki, ambayo hulegeza seli zilizokufa ili zitoke. Asidi hiyo hiyo imo kwenye losheni nyingi za dukani, ila ya kwenye mtindi ni kidogo zaidi na inakaa usoni dakika chache tu. Kwa hiyo tarajia ngozi laini, usitarajie madoa ya miaka mitatu kufutika. Mtindi uwe ule mweupe usio na sukari wala ladha ya matunda.

Manjano yana historia ndefu kwetu. Pwani na Visiwani bibi harusi husingwa kwa singo lenye manjano, liwa na manukato mengine, na hakuna anayetaka kuiondoa mila hiyo. Lakini ule urangi wa dhahabu unaobaki usoni ni rangi, kama inavyobaki kwenye kitambaa cha jikoni. Kiini chake, kukumini, kimeonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe katika maabara, ila hakiyeyuki vizuri kwenye maji na hupenya ngozi kwa shida. Unga wa jikoni uliokorogwa na mtindi si dawa ya madoa, na haufanyi mtu kuwa mweupe. Ukikuta "manjano" ya kwenye kopo yanayobadilisha rangi ya ngozi kwa siku chache, hayo hayafanyi kazi kwa manjano. Yawezekana kuna zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini.

Sasa tumrudie binti wa Tabata. Kosa kubwa lilikuwa limau. Asidi yake ni kali mno kuliko ile ya ngozi yenyewe, na ikipakwa kila siku inachubua kinga ya ngozi. Isitoshe, limau na ndimu zina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huiunguza. Ngozi nyeusi ikiungua au kuvimba hujilinda kwa kutengeneza rangi zaidi, na ndiyo hayo madoa. Kuwasha ilikuwa ishara ya kuacha, lakini nyumbani ilisomwa kama dalili ya dawa kufanya kazi.

Nilimshauri aache kila kitu, aoshe uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, apake mafuta mepesi yasiyo na manukato na ajikinge na jua. Asisugue wala kutumbua. Madoa ya namna hii huchukua miezi kufifia. Na chunusi zenyewe zina dawa: famasi zipo krimu za benzoili peroksaidi, na zikiwa kubwa, zenye maumivu au zinazoacha makovu, aende kwa daktari wa ngozi.

Kwa mwenye ngozi isiyo na vidonda anayetaka mng'ao wa Jumamosi jioni, changanya vijiko viwili vya chai vya mtindi na kimoja cha asali. Manjano si lazima. Ukiyataka, chukua yanayokaa kwenye ncha ya kijiko tu. Kabla ya kugusa uso, paka kidogo kwenye kiwiko upande wa ndani, osha baada ya dakika 15, kisha subiri siku mbili. Pakiwasha, pakiwa na vipele au kuvimba, mchanganyiko huo si wako. Pakiwa salama, paka uso uliooshwa ukikwepa macho na midomo, kaa dakika 10 hadi 15, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua. Paka mafuta yako uso ukiwa bado na unyevu, maana bila hivyo unyevu uliopata utapotea. Mara moja kwa wiki inatosha. Kilichobaki mwaga, usikiweke hadi kesho.

Nimalizie na jambo ambalo wazazi wa watoto wachanga hawaambiwi mara nyingi. Asali, hata ile safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu. Mtu mzima hazimsumbui, lakini kwenye utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha nyumbani hakuziui. Kwa hiyo usimpake mtoto asali usoni, na kama wewe umejipaka, usimbebe wala kumnyonyesha hadi uwe umeosha uso na mikono kwa sabuni, kwa sababu watoto hulamba shavu na vidole vya mama. Mtoto aliyeonja asali akianza kukosa choo, kunyonya kwa unyonge, kulia kwa sauti hafifu au shingo kulegea, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari kuhusu asali.