Vidonge vya macho: kabla ya kununua kopo, ujue ugonjwa wako

Kama unaishi Kahama, Katoro au Geita mjini, huenda umeshaambiwa kuwa kuna vidonge vinavyosafisha macho. Kopo huwa na picha ya karoti au samaki, na muuzaji husema vinatibu ukungu, macho makavu, presha ya macho na hata mtoto wa jicho. Msomaji, baadhi ya viungo vilivyomo vimepimwa kwa makini kwa maelfu ya watu. Majibu yapo, na yanagusa wagonjwa wachache kuliko unavyoambiwa.

Tuanze na ugonjwa ambao vidonge vina ushahidi. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, uitwao retina. Sehemu ndogo ya katikati yake, ambayo madaktari huiita makula, ndiyo unayotumia kusoma, kutambua sura ya mtu na kupitisha uzi kwenye sindano. Kwa baadhi ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 50, sehemu hiyo huchakaa. Mgonjwa huona doa katikati ya anachokitazama, au mistari iliyonyooka huonekana imepinda.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti uitwao AREDS. Waliwapa wagonjwa mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, betakarotini, zinki na shaba. Kati ya wagonjwa 100 waliokuwa katika hatua ya kati ya ugonjwa, au ambao jicho moja lilikuwa limeshaharibika, 28 waliokunywa vidonge visivyo na dawa walifikia hatua mbaya ndani ya miaka mitano. Kwa waliokunywa mchanganyiko kamili walikuwa 20. Maana yake ni kwamba wanane kati ya 100 walinufaika. Vidonge vilipunguza kasi ya ugonjwa, havikurudisha uoni uliopotea. Wenye hatua ya mwanzo na wenye macho mazima hawakuonyesha faida. Mtoto wa jicho nao haukuzuilika.

Utafiti wa pili, AREDS2, ulitoa majibu mwaka 2013. Uliongeza luteini, zeaksanthini na mafuta ya samaki yenye omega-3. Mafuta ya samaki hayakuongeza faida yoyote kwa ugonjwa huu. Betakarotini ilihusishwa na ongezeko la saratani ya mapafu, na wengi wa waliougua walikuwa wamewahi kuvuta sigara. Kwa hiyo iliondolewa, ikawekwa luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme baba yako ana miaka 66, anaishi Kahama, aliacha sigara miaka kumi iliyopita, na analalamika kuwa haoni vizuri. Umeletewa kopo lenye luteini miligramu 6, zinki miligramu 15, betakarotini na omega-3. Soma lebo pamoja naye. Mchanganyiko uliopimwa una vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2, pamoja na luteini na zeaksanthini kwa vipimo nilivyotaja. Kopo lako lina zinki chini ya robo ya ile iliyopimwa, na lina betakarotini ambayo mtu aliyewahi kuvuta sigara anapaswa kuiepuka. Hata likibadilishwa ukapata lenye vipimo sahihi, bado swali kubwa halijajibiwa: je, ana ugonjwa huo?

Kwa umri wake, ukungu unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao tiba yake ni upasuaji. Inaweza kuwa presha ya macho, ambayo hula uoni wa pembeni polepole bila maumivu, na kila mwezi unaopita kwa vidonge ni uoni ambao hautarudi. Inaweza kuwa kisukari kimefika kwenye retina. Au anahitaji miwani tu. Daktari wa macho hutofautisha haya kwa kupanua mboni kwa matone na kuangalia ndani ya jicho. Anzia hospitali ya mkoa, nao watampeleka Bugando, Mwanza, ikihitajika.

Nyumbani kuna kipimo rahisi. Afunike jicho moja, avae miwani yake ya kusomea kama anayo, na atazame nondo za dirisha. Kisha abadilishe jicho. Nondo zikionekana zimepinda au zimekatika katikati, asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Huenda mishipa inavuja damu chini ya retina, na hapo kinachosaidia ni sindano za ndani ya jicho zikitolewa mapema.

Tuje kwenye macho makavu. Neno hili hubeba mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kunaweza kumpofusha mtoto.

Kwa mtu mzima, macho makavu ni kuwasha, kuhisi mchanga, na hata kutokwa na machozi mengi. Vumbi la mgodini, moshi wa kuni, upepo wa kiangazi na kukodolea simu kwa muda mrefu huongeza tatizo. Mafuta ya samaki yalipimwa kwa wagonjwa 535 katika utafiti uitwao DREAM, uliotolewa mwaka 2018. Baadhi walikunywa gramu 3 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, wengine walikunywa mafuta ya zeituni bila kujua. Makundi yote yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Ndiyo sababu jirani yako anaweza kuapa kuwa yamemsaidia. Kinachofaa zaidi ni matone ya kulainisha macho, kitambaa safi cha uvuguvugu juu ya kope zilizofungwa kwa dakika chache kila siku, na miwani ya kuzuia vumbi kazini. Usijinunulie matone yenye deksamethasoni. Hutuliza haraka, lakini yakitumika muda mrefu yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Kwa mtoto, ukavu wa macho unaweza kuwa upungufu wa vitamini A. Dalili ya kwanza ni kutoona jioni: anajikwaa jua likizama au hapati sahani yake gizani. Baadaye sehemu nyeupe ya jicho hukosa mng'ao na kuota doa kama povu, kisha kioo cha jicho huweza kulainika na kutoboka. Surua huharakisha haya. Utafiti wa miaka ya 1980 hapa Tanzania, wa watoto wenye vidonda vya kioo cha jicho, ulikuta surua nyuma ya zaidi ya theluthi yao.

Vidonge vya omega-3 kwa kawaida havina vitamini A ya kutosha kumwokoa mtoto huyu. Anahitaji dozi kubwa ya vitamini A kituoni siku hiyo hiyo, nyingine kesho yake, na ya tatu baada ya wiki mbili. Usimpe mwenyewe kwa kukisia, kwani ikizidi ni sumu, na kwa mjamzito dozi kubwa hudhuru mimba. Kwa kinga, mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa tone kila miezi sita, pamoja na chanjo ya surua.

Jikoni, michembe na matobolwa ya viazi vyeupe hayana vitamini A ya maana. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, mchicha, maembe na dagaa wazima wanayo. Lakini mtoto ambaye tayari haoni jioni asisubiri chakula kifanye kazi. Mpeleke kituoni leo.