Kilo moja ya nyama ya kusaga hutoa buleti ngapi?

Hapa Lubumbashi, kuanzia soko la Kenya hadi Katuba, nyama ya kusaga hununuliwa kwa kilo, lakini buleti na hambaga huuzwa moja moja. Muuzaji asiyejua kilo yake itatoa ngapi hawezi kujua kama bei yake inamlipa. Kuna madai manne yanayomharibia hesabu.

“Kilo moja ni hambaga kumi.” Ni kumi pale tu kila moja inapokuwa na gramu 100. Gawa 1,000 kwa uzito unaoutaka: kwa gramu 120 unapata nane na gramu 40 zinabaki. Aliyepanga kumi huku akifinyanga za gramu 120, wateja wawili watakosa.

“Buleti hazihitaji mizani, jicho linatosha.” Jicho hupima upana, lakini tonge la mviringo hukua pande zote kwa pamoja. Buleti yenye upana wa sentimita 3 ina takriban gramu 15, na ya sentimita 4 inakaribia gramu 35. Kwa sentimita hiyo moja, kilo ile ile inashuka kutoka buleti 66 hadi 28. Asiye na mizani ndogo achote kila tonge kwa kijiko kile kile, akisawazishe juu.

“Vitunguu na mkate havibadilishi idadi.” Vinabadilisha sana. Chukua kilo ya nyama, gramu 150 za vitunguu, gramu 100 za mkate uliolowekwa na kukamuliwa, na yai moja la gramu 50. Mchanganyiko una gramu 1,300, na kwa buleti za gramu 30 unatoa 43, wakati nyama peke yake ingetoa 33. Tuseme mama ameagizwa buleti 60 kwa ajili ya harusi. Anahitaji mchanganyiko wa gramu 1,800, yaani nyama isiyopungua kilo 1.4. Anunue kilo na nusu, kwa sababu kiasi fulani hubaki mikononi na kwenye bakuli.

“Uzito wa mbichi ndio utakaofika kwenye sahani.” Moto hutoa maji na mafuta, na nyama hupoteza takriban robo ya uzito wake, yenye mafuta mengi hupoteza zaidi. Hambaga ya gramu 120 hutoka na kama 90. Anayetaka 120 zilizoiva aanze na 160, na kilo yake itatoa sita tu. Ili kuujua upungufu wa nyama yako, pima chache kabla na baada ya kuzipika.

Basi, kabla ya kupanga bei, pima mchanganyiko wote ukiwa mbichi, ugawe kwa uzito wa tonge moja, na uache sehemu inayobaki baada ya nukta. Idadi hiyo ndiyo ya kuigawia gharama zako.